Barua ya Chumba cha Mama, Kihagara

Mimi nikikubaliana na mtu jambo la kazi, naliandika. Wengine wananiita mwalimu mkorofi, na waendelee kuniita. Nimefundisha darasa la sita hapa Mbinga mjini miaka mingi, nimewaona wazazi wazima, wenye mvi, wakikana mbele ya kamati neno walilolisema wenyewe wiki iliyopita. Kwa hiyo nilipokubaliana na fundi Protasi kuhusu chumba cha mama kule Kihagara, niliketi mezani nikaandika barua. Barua hiyo ilinitukanisha kwa ukoo mzima, lakini ningeandika tena leo.

Mama yetu anaitwa Walburga. Mwaka jana alianguka mlangoni pake, kwenye nyumba yake ya Kihagara pale ufukweni mwa ziwa, akavunjika mkono. Si uzee peke yake. Ana presha ya macho, na macho yenyewe yamebaki kuona vivuli na rangi zilizokoza tu. Tukampandisha huku milimani kwangu, mkono ukapona. Macho hayakurudi, na daktari alituambia hayatarudi.

Basi akakaa kwangu, analalamika asubuhi mpaka jioni. "Veneranda, huku kwenu mnaishi ndani ya friji." Ukimpa sweta anasema linawasha. Ukimpa samaki anauliza huyu amekufa mwaka gani. Alitaka kwake, alisikie ziwa, ale usipa, dagaa wa kwao, waliovuliwa asubuhi, agombane na jirani yake mama Hildegardi. Kaka yangu Joakim, anayekaa Songea, hakutaka hata kusikia. Alisema mama akirudi ufukweni peke yake atatuletea msiba, afadhali nyumba ifungwe na yeye amchukue mama Songea, moja kwa moja.

Tukafanya kikao sebuleni kwangu. Mama akasikiliza wee, kisha akasema, "Nitengenezeeni chumba ambacho naweza kutembea mwenyewe. Mkishamaliza, Joakim aje aone. Nikishindwa kutoka kitandani mpaka chooni, na kutoka chooni mpaka barazani, bila kushikwa mkono, basi fungeni nyumba, nitakwenda Songea na sitasema neno." Joakim akakubali. Akasema atakuja sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, katikati ya Agosti. Siku hiyo ndiyo ya mwisho, baada ya hapo hakuna mjadala.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini niliandika. Hiki hakikuwa chumba cha kupendezesha wageni. Kilikuwa mtihani wa mama, na mtihani huo hauna marudio.

Kazi tukampa Protasi. Protasi si ndugu wa damu, lakini ni zaidi. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo hata kuongea vizuri hajaanza, na mama yangu akamchukua, akamlea jikoni kwake pamoja na sisi. Mpaka leo anamwita Mama, na mimi ananiita dada. Sasa ni mkandarasi, ana pikapu yenye jina lake ubavuni na vijana wa kazi. Alikuja nyumbani kwangu, tukanywa chai, nikamweleza yale aliyotushauri daktari wa macho. Kuta ziwe za rangi nyepesi isiyong'aa. Mlango na fremu yake viwe vya rangi iliyokoza, ili mama auone mlango ulipo. Sakafu isiteleze wala kung'aa hata kidogo, maana mwanga ukipiga juu ya kitu kinachong'aa, mtu mwenye macho kama yake anapotea kabisa. Pembezoni mwa sakafu kuwe na ukanda mweusi, ajue sakafu inaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Protasi akatikisa kichwa, ndiyo dada, ndiyo dada, akala na mihogo, akaondoka.

Kesho yake nikaandika hivi:

*Ndugu Protasi,*

*Yah: Matengenezo ya chumba cha kulala na choo, nyumba ya Mama Walburga, Kihagara*

*Rejea mazungumzo yetu ya jana nyumbani kwangu. Nathibitisha tuliyokubaliana:*

*Kuta: lipu ya zamani iliyopasuka ibanduliwe na kupigwa upya. Ikauke vizuri kabla ya rangi. Kisha rangi ya msingi (praima), na rangi ya maji ya krimu isiyong'aa, mikono miwili.*

*Mlango na fremu: rangi ya mafuta ya bluu iliyokoza. Kizingiti kiondolewe, sakafu ya chumba, choo na baraza iwe usawa mmoja.*

*Sakafu: vigae vya kahawia, vyenye uso mkavu usioteleza, ambavyo nimekwisha kuvinunua na utavikuta dukani kwa jina langu. Skatingi nyeusi, yaani ule ukanda wa pembezoni, kuzunguka chumba chote.*

*Choo: kiti chenye mfuniko mweusi. Bomba la kushikilia ukutani, lifungwe kwa boliti za kuingia kwenye tofali, si kwenye lipu tu.*

*Muda: kuanza wiki ya kwanza ya Julai, kukabidhi Jumamosi ya wiki moja kabla ya Kupalizwa, ili harufu ya rangi iishe kabla mama hajalala mle. Vijana wa kazi wasiwe wale watakaokimbilia kuchuma kahawa katikati ya kazi.*

*Badiliko lolote tukubaliane kwanza kwa maandishi. Tafadhali weka sahihi nakala moja unirudishie.*

*Wako, Veneranda.*

Protasi alipoipata akanipigia simu. Sauti ilikuwa ya mtu aliyepigwa kofi.

"Dada, barua? Mimi?"

"Wewe, ndiyo. Una shida gani na barua?"

"Kwetu sisi mtu anaandikiwa barua akiwa anaitwa kwenye baraza la kata. Nimekosa nini? Au siku hizi mimi ni fundi wa kuokotwa stendi?"

"Protasi, mali bila daftari hupotea bila habari. Weka sahihi."

"Yule ni mama yangu, dada. Utaniandikia namna ya kumpenda mama yangu?"

"Kumpenda sijaandika. Nimeandika vigae."

Akakata simu. Siku mbili baadaye nakala ikarudi na sahihi yake, imekandamizwa kwa hasira mpaka kalamu imetoboa karatasi. Habari ikasambaa, shangazi zangu wakanipigia mmoja mmoja. Eti Veneranda kamwandikia mtoto wa nyumbani mkataba! Nikawaambia wote kwamba yeyote anayetaka kumshika mama mkono kila akienda chooni usiku, aje achukue zamu. Hakuja mtu.

Kazi ikaanza. Lazima niseme haki, Protasi ni fundi. Julai nzima alinitumia picha kwenye simu: lipu mbichi, lipu imekauka, praima, krimu mkono wa kwanza, mkono wa pili. Mlango wa bluu ulikuwa bluu kweli, ukiutazama unakuita. Vijana wake wawili walitoroka kwenda kwenye kahawa, kama nilivyosema, lakini alileta wengine. Nikawa namsimulia mama kila hatua, naye anauliza, "Na kizingiti wamekitoa?" Kile ndicho kilichomwangusha. "Wamekitoa, mama." Anatulia mpaka kesho.

Ikafika zamu ya sakafu, picha zikakoma. Nikamwuliza, akaniandikia, "Kila kitu safi dada, mtakuja kuona wenyewe." Hapo ningepaswa kushtuka. Lakini shule zilikuwa zimefunguliwa, nina madaftari kama mlima, nikasema haya.

Jumamosi ya makabidhiano tukashuka mimi na mama kwa gari la kukodi. Nilitaka kwenda peke yangu nikague kwanza, mama akasema chumba ni cha nani? Tukazunguka zile kona zote, joto la ziwa likaanza kutuingia madirishani, na mama akavua sweta akaanza kuimba. Wiki kadhaa alikuwa hajaimba.

Tulifika alasiri, jua limeshaanza kuelekea upande wa ziwa. Protasi alikuwa amesimama barazani kavaa shati la kanisani. "Shikamoo Mama!" akamkimbilia, akapiga goti. Mama akamshika uso kwa mikono yote miwili. Mama Hildegardi naye akatoka uani kwake anapiga vigelegele. "Walburga, karibu! Umejengewa ikulu!"

Mimi nikatangulia ndani. Mungu wangu!

Sakafu yote ilikuwa ya vigae vyeupe, vikubwa, vinavyong'aa kama kioo cha saluni. Skatingi nyeupe, inang'aa vilevile. Dirisha linatazama ziwa, na jua la alasiri lilikuwa limeingia lote, limelala pale sakafuni linawaka. Mimi mwenye macho mazima nilifumba. Nikatoka kwa mlango wa nyuma na pale pembeni ya jiko, chini ya turubai, nikaona maboksi ya vigae vyangu vya kahawia, moja limefunguliwa, mengine hata kuguswa hayajaguswa.

"Protasi!" Nilipaza sauti, na ninajua sauti yangu. "Njoo hapa!"

Akaja, anatabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri kushukuriwa.

"Hivi ni nini?"

"Dada, usikasirike kwanza. Nilivifungua vile vyako nikavitazama nikaona hapana. Vile watu wanaweka chooni na barazani. Mama Hildegardi aliniuliza, mbona unamlaza mama yako juu ya sakafu ya choo? Niliona aibu, dada. Mama aliyenilea! Nimevinunua hivi vyeupe mwenyewe, kwa mfuko wangu. Ni zawadi."

"Daktari alisemaje?"

"Daktari hajui heshima yetu."

"Na barua ilisemaje? Si uliweka sahihi?"

"Barua, barua! Wewe unampenda mama kwa karatasi."

Nilikuwa na karatasi mkobani, nikaitoa. Nilikuwa nimepania kumsomea kwa sauti mpaka watu wa kijiji cha Lipingo wasikie. Nilikuwa na haki, na nilikuwa na hasira, na vyote viwili vilikuwa vinachemka pamoja. Wiki moja tu imebaki na huyu mtu ameniwekea barafu ndani ya nyumba!

Lakini mama alikuwa ameshafika kwenye mlango wa chumba, mkono wake juu ya fremu ya bluu. Fremu aliiona. Alikuwa anaipapasa na kucheka. Kisha akatazama chini, akaurudisha mguu.

"Nani amemwaga maji humu?" akauliza.

Protasi alikuwa amefika nyuma yake.

"Mbona maji yamejaa chumba kizima? Ziwa limepanda?"

"Si maji, Mama," Protasi akasema. "Ni vigae. Vigae vyeupe, vya kung'aa. Nimekununulia mimi, ni zawadi yangu."

Nilimwona mama anavyobadilisha uso. Sekunde ile alikuwa na hofu, sekunde inayofuata ameivaa furaha, kama mtu anavyovaa kitenge haraka mgeni akibisha hodi.

"Vigae! Wewe mtoto, umeninunulia vigae? Basi ni vizuri sana. Ni vizuri mno."

"Mama, usiingie," nikasema. "Sivyo tulivyokubaliana, ninayo barua hapa, vinatolewa."

"Weka karatasi yako, Veneranda. Mwanangu kaninunulia vigae, wewe unataka vitolewe? Zawadi inatupwa usoni tangu lini? Nitatembea juu yake."

"Utaanguka! Joakim akija Jumamosi utaanguka mbele yake na nyumba inafungwa!"

"Nitatembea."

Akaingia. Alitembea kama anayevuka mto juu ya mawe, anautanguliza mguu, anaupapasisha, anautafuta wa pili. Ukuta mwepesi, skatingi nyeupe, sakafu nyeupe, na mwanga juu ya vyote. Hakuwa na kitu hata kimoja cha kumwambia yuko wapi. Mikono yake ilikuwa hewani. Hatua ya tatu au ya nne kandambili ikateleza, na mama akaenda upande.

Protasi alimdaka. Mimi nilikuwa mbali, sikuwahi. Alimdaka kwapani wakashuka wote wawili mpaka chini, polepole, akakaa naye sakafuni amemkumbatia.

"Ni kanga," mama akasema upesi, anahema. "Nimekanyaga kanga yangu. Hii kanga ni ndefu. Vigae havina kosa, mwanangu, vigae ni vizuri."

Kanga yake ilikuwa imefika magotini tu. Sote tuliiona.

Protasi alibaki amekaa pale sakafuni na mama, shati la kanisani, na macho yake yakajaa. Nilikuwa na maneno mengi sana ya kumwambia mtu yule, nilikuwa nimeyapanga tangu kule kwenye turubai. Nikaishusha ile karatasi. Huwezi kumpiga mtu ambaye mama yako anadanganya ili kumfichia aibu.

Kisha Protasi akasema, "Dada, nisomee ile sehemu ya sakafu."

Nikaisoma. Sikuisoma kwa sauti ya darasani. Vigae vya kahawia, uso mkavu usioteleza, skatingi nyeusi kuzunguka chumba chote.

"Niliweka sahihi bila kuisoma," akasema. "Nilikuwa nimekasirika."

Akamwinua mama, akamkalisha barazani kwenye kiti, akaenda kwenye pikapu. Alirudi na nyundo na tindo. Mama aliposikia chuma kinagonga kigae cha kwanza alipiga kelele.

"Protasi! Unavunja zawadi yangu?"

"Nitakununulia kanga, Mama," alijibu kutoka ndani. "Fupi."

Mama Hildegardi alicheka mpaka akakaa chini, na mama naye, huku machozi yanamtoka, akacheka.

Jioni ile ile tuliongeza mistari chini ya barua, yeye ndiye aliyeomba. Kubandua na kusawazisha chini, Jumapili baada ya misa na Jumatatu. Kulaza vigae vya kahawia na skatingi, Jumanne na Jumatano. Alhamisi visikanyagwe, saruji ishike. Ijumaa kujaza mifereji kwa grauti ya rangi ya udongo na kusafisha. Akasoma neno kwa neno, mdomo unatikisika, ndipo akaweka sahihi. Mama akalala kwa mama Hildegardi juma zima, wakagombana kila siku, akanenepa. Mimi nikapanda Mbinga kufundisha, na kila jioni Protasi alinitumia picha ya sakafu, hata ambazo sikuomba. Vigae vyeupe vilivunjika karibu vyote. Hakuwahi kuvitaja tena.

Siku ya Kupalizwa tulikwenda misa wote, kisha Joakim akaja na gari lake. Alikuwa amekuja tayari kabisa. Niliona kwenye buti ameweka godoro jipya la kumlazia mama kule Songea. Hakula hata chakula. "Haya, tuone," akasema.

Mama akakaa kitandani. Sote tukasimama barazani, mlango wazi, Protasi amekunja mikono kifuani anakaza taya. Mama akainuka. Chumba kilikuwa kimetulia, kahawia chini, krimu kutani, na ule ukanda mweusi unazunguka wote. Akatazama chini akauona. Akaufuata. Hakuweka mikono hewani. Akaenda mpaka mlango wa choo, akaingia, tukasikia bomba la ukutani likishikwa, tukasikia maji. Akatoka. Akaja moja kwa moja kuelekea kwenye fremu ya bluu, akapita mahali palipokuwa na kizingiti bila hata kupunguza mwendo, akasimama mbele ya Joakim, akamgusa kifua kwa kidole.

"Wewe ni Joakim," akasema. "Umenenepa."

Joakim akasema, "Haya, mama. Nimekubali." Protasi alitoka nje upande wa ziwa, akakaa huko muda mrefu.

Tukala, tukanywa, mama akapokea watu. Jua lilipoanza kushuka akasimama tena, peke yake, akasema, "Basi, mmeona. Mwende sasa, msije mkakutwa na giza kwenye kona za mlimani. Hildegardi yuko hapo, simu ninayo. Nendeni kwenu."

Nikataka kumtandikia kitanda. Akasema anajua kutandika. Nikataka kumwashia taa. Akasema swichi iko wapi anaijua. Nikambusu, akanipigapiga mgongoni kama anavyomfanyia mgeni, akaingia ndani, na akaufunga ule mlango wa bluu mwenyewe. Komeo likalia.

Joakim alinipa lifti mpaka Mbinga. Nilikaa mbele. Tulipoanza kupanda milima, baridi ikaingia, nikakumbuka kwamba nyumbani nitafika hakuna mtu wa kuniambia naishi ndani ya friji. Nilipigania kila kigae cha kile chumba, na kila kigae nilichokipigania kilikuwa kinamwondoa mama kwangu. Hilo nilikuwa sijaliwaza hata mara moja. Nikaanza kulia, kilio cha sauti, cha kitoto kabisa.

Joakim akapunguza mwendo. "Sasa wewe unalia nini? Si umeshinda?"

"Endesha gari," nikamwambia.